Pasaka Mbili: Kwa Nini Mara Nyingi Huangukia Juma Moja, na Mara Nyingine Hupishana kwa Mwezi

Mwaka 2024 Wakristo wa Arusha na Meru waliadhimisha Pasaka Jumapili ya tarehe 31 Machi. Waislamu walisali Idi el-Fitri tarehe 10 Aprili. Pasaka ya Wayahudi, ambayo katika jiji hilohilo hushikwa na jumuiya ndogo ya Wayahudi, ilianza jioni ya Jumatatu tarehe 22 Aprili, na siku yake ya kwanza ikawa Jumanne tarehe 23. Mwanafunzi aliyesoma Luka 22 hadi 24 anajua kwamba Yesu alikula Pasaka na wanafunzi wake, akasulubiwa, kisha akafufuka siku ya kwanza ya juma. Basi swali linakuja lenyewe: ikiwa Yesu alifufuka wakati wa Pasaka ya Wayahudi, inakuwaje Wakristo washerehekee ufufuko zaidi ya majuma matatu kabla ya Pasaka hiyo?

Kiswahili kinaongeza ugumu kidogo, kwa sababu neno ni moja. Sikukuu ya kutoka Misri tunaiita Pasaka, na sikukuu ya ufufuko tunaiita Pasaka. Katika mtihani ni vizuri kuandika "Pasaka ya Wayahudi" na "Pasaka ya Kikristo" kila unapozitaja pamoja, hata kama unaona maana iko wazi. Hapa chini tutafanya hivyo.

Kanuni ya kila upande

Pasaka ya Wayahudi ina tarehe maalumu katika kalenda yao. Kitabu cha Kutoka sura ya 12 kinaagiza mwanakondoo achinjwe jioni ya siku ya 14 ya mwezi wa kwanza, mwezi ambao baadaye uliitwa Nisani. Sikukuu yenyewe huanza usiku huo, yaani mwanzo wa tarehe 15, kwa kuwa siku ya Kiyahudi huanza jua linapotua. Mwezi wa Kiyahudi huanza na mwezi mwandamo, kama ulivyo mwezi wa Kiislamu. Kwa hiyo tarehe 14 au 15 huwa ndipo mwezi umejaa angani. Biblia inataja siku saba za mikate isiyotiwa chachu. Wayahudi wanaoishi nje ya Israeli, kwa desturi ya kale, wengi wao hushika siku nane.

Pasaka ya Kikristo haina tarehe maalumu. Ina siku maalumu ya juma, nayo ni Jumapili. Kanuni ya makanisa ya Magharibi, yaani Katoliki, Kilutheri, Kianglikana na mengi mengine yaliyopo Arusha, ni kwamba Pasaka ni Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaoangukia tarehe 21 Machi au baada yake. Mwezi ukijaa Jumapili yenyewe, Pasaka husogezwa hadi Jumapili inayofuata. Tarehe 21 Machi ilichaguliwa kwa sababu ndiyo ilihesabiwa kuwa siku ambayo mchana na usiku hulingana, mwanzo wa majira ya kuchipua katika nchi za kaskazini. Hapa kwetu siku hiyo hupita bila mtu kuiona. Arusha iko karibu sana na Ikweta, mchana na usiku karibu vinalingana mwaka mzima, na kinachotangaza mwezi Machi si jua bali ni mawingu ya masika juu ya Mlima Meru.

Ukiziweka kanuni hizo mbili pamoja utaona kwamba zote zinatafuta kitu kimoja: mwezi mpevu wa mwanzo wa majira ya kuchipua. Wayahudi huanza sikukuu mwezi ukijaa, siku yoyote inayoruhusiwa na kalenda yao. Wakristo husubiri Jumapili inayofuata. Pande zote mbili zikikubaliana ni mwezi upi, Pasaka ya Kikristo itaangukia ndani ya siku za Pasaka ya Wayahudi. Zisipokubaliana, tofauti haiwezi kuwa ya siku mbili tatu tu, kwa sababu baada ya mwezi mpevu mmoja inabidi kusubiri siku 29 au 30 kuupata mwingine.

Kwa nini Wayahudi huongeza mwezi

Miezi 12 ya mwandamo ina siku kama 354, pungufu ya siku 11 kwa mwaka wa jua. Kalenda ya Kiislamu inaiacha tofauti hiyo iendelee, na ndiyo maana kila mtu ameshuhudia Ramadhani ikija mapema kwa siku kama 11 kila mwaka, miaka mingine wakati wa baridi ya Julai, miaka mingine wakati wa jua kali la Januari. Kalenda ya Kiyahudi haiwezi kufanya hivyo. Kumbukumbu la Torati 16:1 inaamuru Pasaka ishikwe katika mwezi wa Abibu, na neno hilo linahusu masuke mabichi ya shayiri. Shayiri ya nchi ya Israeli haiwezi kuwa na masuke mwezi Desemba. Pasaka ikiachwa irudi nyuma siku 11 kila mwaka, baada ya miaka michache itafika kabla ya shayiri kuchanua.

Zamani viongozi wa Kiyahudi walitazama hali ya mashamba na majira, na wakiona bado mapema waliongeza mwezi wa 13 kabla ya Nisani. Mwezi unaorudiwa huitwa Adari, hivyo mwaka mrefu una Adari wa kwanza na Adari wa pili. Baadaye, na mapokeo yanasema ni katika karne ya 4 baada ya Kristo, kalenda iliwekwa kwa hesabu ili Wayahudi waliotawanyika kila mahali waweze kuifuata bila kusubiri habari kutoka nchi ya Israeli. Msingi wa hesabu hiyo ni kwamba miaka 19 ya jua inakaribiana sana na miezi 235 ya mwandamo. Miaka 19 yenye miezi 12 kila mmoja ni miezi 228. Inabaki miezi 7. Kwa hiyo katika kila mzunguko wa miaka 19, miaka 7 hupewa mwezi wa ziada.

Kanisa nalo linatumia mzunguko huohuo wa miaka 19 kupata mwezi mpevu wake. Tatizo haliko kwenye mzunguko. Liko mahali ambapo kila upande umeweka mpaka wa majira.

Mahali zinapoachana

Mpaka wa Kanisa ni tarehe 21 Machi, na haujifichi. Mwezi mpevu wa Kanisa ukiwa tarehe 22 Machi, unakubalika. Kalenda ya Kiyahudi haina mpaka wa wazi wa namna hiyo. Ina orodha tu ya miaka ipi katika mzunguko ni mirefu. Orodha hiyo ilipokuwa mpya ililingana vizuri na majira, lakini mwaka wa wastani wa kalenda ya Kiyahudi unazidi mwaka wa kweli wa jua kwa dakika 6 na nusu hivi. Dakika hizo zinakusanyika na kuwa siku moja katika kila miaka 216 au karibu na hapo. Tangu karne ya 4 kalenda imekwisha kusogea mbele kwa zaidi ya juma moja. Siku hizi siku ya kwanza ya Pasaka ya Wayahudi haiji kabla ya tarehe 26 Machi.

Sasa tazama meza ya miezi mipevu ya Kanisa, inayotumika kuanzia mwaka 1900 hadi 2199. Katika mzunguko wa miaka 19, mwezi mpevu wa Pasaka huangukia tarehe 19 tofauti, na tatu za mwanzo kabisa ni 22, 23 na 25 Machi. Inayofuata ni tarehe 27. Hizo tatu za mwanzo Kanisa linazikubali kwa kuwa zimevuka tarehe 21. Kalenda ya Kiyahudi inaziona kuwa ni mapema mno, inauhesabu mwezi huo kuwa Adari wa pili, na kuisogeza Pasaka hadi mwezi mpevu unaofuata. Kuanzia tarehe 27 na kuendelea pande zote mbili zinakubaliana.

Jibu la swali la kichwa cha habari linatoka hapo. Katika kila miaka 19, sikukuu hizi huwa pamoja miaka 16, na hupishana kwa karibu mwezi miaka 3.

Jinsi ya kuitambua miaka hiyo mitatu

Huhitaji meza. Gawanya mwaka kwa 19 na utazame baki. Baki likiwa 2, 10 au 13, mwaka huo Pasaka ya Wayahudi itakuja karibu mwezi mmoja baada ya Pasaka ya Kikristo. Baki likiwa namba nyingine yoyote, zitakuwa pamoja. Njia hii inafaa kwa kipindi kilekile cha meza ya Kanisa, yaani 1900 hadi 2199, na kwa makanisa ya Magharibi tu.

Tufanye mfano wa 2024 kwa ukamilifu. 19 mara 106 ni 2014. Toa 2014 kwenye 2024, baki ni 10. Basi tunatarajia zipishane. Mwezi mpevu wa Kanisa ulikuwa Jumatatu tarehe 25 Machi, na mwezi wa angani nao ulijaa asubuhi ya siku hiyohiyo. Waislamu walikuwa katikati ya Ramadhani. Wayahudi walikuwa katika Adari wa pili, wametoka kusherehekea Purimu, sikukuu ya Esta, Jumapili tarehe 24 Machi. Kanisa lilisubiri Jumapili iliyofuata, tarehe 31 Machi. Wayahudi walisubiri mwezi mwingine mzima hadi 23 Aprili.

Hesabu siku kutoka 31 Machi hadi 23 Aprili, utapata 23. Hapa wanafunzi wengi huuliza kwa nini tunasema "mwezi mmoja" wakati tofauti ni siku 23. Mwezi mmoja ni umbali kati ya miezi mipevu miwili, wa 25 Machi na wa 23 Aprili, ambao ni siku 29. Lakini Pasaka ya Kikristo ilichelewa siku 6 ikisubiri Jumapili. Toa 6 kwenye 29, zinabaki 23. Mwaka ambao Jumapili iko karibu zaidi na mwezi mpevu, tofauti hukua. Mwaka 2035 mwezi mpevu wa Kanisa utakuwa Ijumaa tarehe 23 Machi, Pasaka ya Kikristo itakuwa siku mbili tu baadaye, tarehe 25 Machi, na Pasaka ya Wayahudi itakuwa tarehe 24 Aprili, umbali wa siku 30.

Mwaka mwingine wa karibu ni 2027. Toa 2014, baki ni 13. Pasaka ya Kikristo ni tarehe 28 Machi na siku ya kwanza ya Pasaka ya Wayahudi ni Alhamisi tarehe 22 Aprili. Ukipitia nyuma kwa njia hiyohiyo utakuta 2016, 2008, 2005 na 1997 ni miaka ya namna hii.

Miaka ya kawaida ina tofauti gani?

Hata katika ile miaka 16, tarehe hazifanani kila mwaka. Kalenda ya Kiyahudi ina kanuni zinazozuia siku ya kwanza ya Pasaka isiangukie Jumatatu, Jumatano wala Ijumaa. Inabaki Jumapili, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Kwa hiyo Jumapili ya ufufuko huja siku moja baada ya siku ya kwanza ya Pasaka ya Wayahudi ikiwa ilianza Jumamosi, siku tatu baadaye ikiwa ilianza Alhamisi, au siku tano baadaye ikiwa ilianza Jumanne. Tazama miaka hii sita:

| Mwaka | Siku ya kwanza ya Pasaka ya Wayahudi | Pasaka ya Kikristo (Magharibi) |
|---|---|---|
| 2022 | Jumamosi 16 Aprili | 17 Aprili |
| 2023 | Alhamisi 6 Aprili | 9 Aprili |
| 2024 | Jumanne 23 Aprili | 31 Machi |
| 2025 | Jumapili 13 Aprili | 20 Aprili |
| 2026 | Alhamisi 2 Aprili | 5 Aprili |
| 2028 | Jumanne 11 Aprili | 16 Aprili |

Mwaka 2025 unastahili kutazamwa mara mbili. Pasaka ya Wayahudi ilianza Jumapili, na Pasaka ya Kikristo ikawa Jumapili iliyofuata, yaani siku ya nane. Kwa Wayahudi wa Arusha wanaoshika siku nane, sikukuu mbili ziligusana. Kwa mtu wa Yerusalemu anayeshika siku saba, Pasaka yake ilikuwa imekwisha jana yake. Mwaka 2021 ulikuwa hivyohivyo. Kwa hiyo kati ya 2016 na 2034, ambayo ni miaka 19 kamili, ukihesabu siku nane unapata miaka 16 ya kuwa pamoja, na ukihesabu siku saba za Biblia unapata 14. Mtahini akiuliza "mara ngapi", andika 16 katika 19, kisha ueleze kwamba umehesabu siku nane. Mara chache siku ya kwanza ya Pasaka ya Wayahudi na Jumapili ya ufufuko huwa siku moja kabisa, kama ilivyokuwa tarehe 19 Aprili 1981.

Makosa yanayojirudia

Kosa la kwanza ni kutazama mwezi wa angani badala ya mwezi wa meza. Mwaka 2019 mwezi ulijaa alfajiri ya Alhamisi tarehe 21 Machi kwa saa za Afrika Mashariki. Anayefuata kanuni kwa macho angesema Pasaka iwe Jumapili tarehe 24 Machi. Haikuwa hivyo, ilikuwa tarehe 21 Aprili. Katika meza ya Kanisa mwezi huo ulihesabiwa kuwa umejaa siku moja kabla ya mpaka, kwa hiyo haukufaa, na ukatumika wa 18 Aprili. Kalenda ya Kiyahudi nayo mwaka huo ilikuwa na mwezi wa ziada, Pasaka yao ikaanza Jumamosi tarehe 20 Aprili. Meza mbili zilikubaliana, ingawa mwezi wa angani ulionekana kusema jingine. Meza ya Kanisa hufuata mwezi wa kweli kwa ukaribu, lakini inaweza kupishana nao kwa siku moja au zaidi, na inapotokea hivyo meza ndiyo hufuatwa.

Kosa la pili ni kuchanganya jioni na mchana. Kalenda moja itaandika Pasaka ya Wayahudi 2024 kuwa 22 Aprili, nyingine 23 Aprili. Zote ziko sahihi. Ya kwanza inataja jioni ambapo chakula cha Pasaka huliwa, ya pili inataja mchana wa siku hiyohiyo ya Kiyahudi.

Kosa la tatu ni kusema kwamba Wakristo wote husherehekea siku moja. Makanisa ya Kiorthodoksi, pamoja na lile lililo chini ya Patriaki wa Aleksandria ambalo Wagiriki wa Tanzania wamekuwa waumini wake, hukokotoa Pasaka kwa kalenda ya kale ya Juliani. Kanisa Katoliki liliiacha kalenda hiyo mwaka 1582 kwa amri ya Papa Gregori wa 13. Tarehe 21 Machi ya Juliani sasa ni 3 Aprili katika kalenda ya ukutani kwako, na meza yao ya mwezi nayo imechelewa kwa siku chache. Ndiyo maana mwaka 2024 Pasaka yao ilikuwa 5 Mei, baada ya Pasaka ya Wayahudi kumalizika, na mwaka 2025 ikaangukia 20 Aprili pamoja na makanisa mengine.

Kosa la nne ni la tafsiri. Wapo wanaoandika kwamba mwaka kama 2024 Kanisa "limekosea" au Wayahudi "wamechelewa". Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325 uliamua makanisa yaadhimishe Pasaka kwa pamoja, bila kutegemea hesabu ya Wayahudi ya kila mwaka. Tangu hapo kila upande unafuata meza yake. Kanisa limebaki karibu na siku ya mlingano wa mchana na usiku, Wayahudi wamebaki waaminifu kwa mzunguko waliopokea, hata kama mzunguko huo umesogea kidogo.

Swali la kujipima

Bila kutumia kalenda, eleza kama Pasaka ya Wayahudi na Pasaka ya Kikristo zitakuwa pamoja mwaka 2043, na utoe sababu. (Alama 6)

Jibu: 19 mara 107 ni 2033. 2043 toa 2033, baki ni 10 (alama 2). Baki la 10 lina maana kwamba mwezi mpevu wa Kanisa uko tarehe 25 Machi (alama 1). Kanisa linaukubali kwa kuwa umevuka 21 Machi (alama 1), lakini kalenda ya Kiyahudi inauhesabu kuwa wa Adari wa pili na kungoja mwezi mpevu unaofuata (alama 1). Hazitakuwa pamoja, Pasaka ya Wayahudi itakuja karibu mwezi mmoja baadaye (alama 1).